Uzi: Video za kujibu komenti zigeuke mnyororo wa matangazo ya upole, mnapangaje?

Zawadi_K
Wakuu habari. Nina video moja ya begi la mgongoni, sekunde 34, imefikisha komenti 212. Watu wanauliza mengi. Nataka nizijibu kwa video, moja baada ya nyingine, ili mtu akizifuata ajikute ameshaelewa begi na anataka kulinunua, bila mimi kupiga kelele za "nunua sasa". Nianzie wapi, na nijibu komenti zipi?

Chepe_Mitandao
Dada, zile za kuponda zifute mapema, usizijibu. Ukimjibu mtu mmoja mbaya kwa video, wanakuja kumi. Weka na maneno ya kuchuja kwenye mipangilio, komenti zenyewe zinajificha.

Zawadi_K
@Chepe_Mitandao hapana kaka, sijasema naponda wala napondwa. Naulizia maswali ya wanunuzi.

Msomakomenti
Zawadi, kabla ya kugusa kamera, kaa na hizo komenti saa moja. Fungua jedwali la kawaida, kila swali liwe na mstari wake, yanayofanana yaunganishe, kisha hesabu. Pongezi, emoji na wanaotaniana waache pembeni. Ukimaliza rudi hapa na idadi. Bila idadi tutapanga kwa kubahatisha, maana komenti inayokaa kichwani ni ile iliyotuchekesha au kutuudhi, na mara nyingi siyo inayoulizwa na wengi.

Zawadi_K
Nimerudi. Kati ya 212, maswali ni 61. Kama kompyuta mpakato ya inchi 16 inaingia: 19. Kama linazuia maji: 14. Mikanda itahimili uzito: 11. Bei: 9. Linafuliwaje: 5. Yaliyobaki 3 ni mchanganyiko (rangi, mfuko wa siri, na mmoja anauliza saa niliyovaa).

Bingwa_wa_Reli
Jibu yote kwa video. Kila komenti ni nafasi ya bure. Na bei usiiseme, waambie waje inboksi, huko ndiko unakowafunga.

Msomakomenti
@Bingwa_wa_Reli nusu yake nakubali, kwamba komenti ni nafasi. Lakini ukifanya video 61 utajirudia hadi watu wakuchoke, na maswali mengine hayana kitu cha kuonyesha. Kipimo changu ni hiki: swali linastahili video kama jibu lake linaonekana kwa macho na kama linamzuia mtu kununua. Inchi 16, ndiyo. Maji, ndiyo. Mikanda, ndiyo. Kufua kunaonekana, ila hakuna aliyeacha kununua begi kwa sababu ya kufua, kwa hiyo hilo lijibiwe kwa maandishi. Saa yako vilevile, Zawadi, taja jina lake uendelee.

Bei ni ya maandishi pia. Iandike wazi chini ya video mama, kisha ibandike juu. Mtu anayeuliza bei yuko karibu zaidi na mlango kuliko wote, na ukimpeleka inboksi unamwongezea ngazi ya kupanda. Halafu wale wengine wanaosoma kimyakimya wanajiambia bei imefichwa kwa sababu ni kubwa.

Bingwa_wa_Reli
Hapo kwenye bei tutabishana hadi kesho. Kwa bidhaa ya kupimiwa, bei haisemeki bila kumuuliza mtu kwanza anataka nini.

Msomakomenti
Kwa bidhaa ya kupimiwa, sawa kabisa. Begi halipimiwi.

Zawadi_K
Kwa hiyo video tatu tu? Na nianze na inchi 16 kwa kuwa ina watu 19?

Msomakomenti
Unaanza na hiyo, ingawa wingi ni sababu ya pili. Sababu ya kwanza ni kwamba ikijibiwa, inazaa swali linalofuata. Huo ndio mnyororo wenyewe. Mtu akiona mashine nzito imeingia, kichwani linamjia, "na mikanda je?" Akiona mikanda imeshika, anawaza, "mvua ikinikuta na mashine ndani?" Kwa hiyo: ukubwa, mikanda, maji. Namba zako zinasema maji yawe ya pili kwa sababu yana 14 dhidi ya 11, lakini ukiruka mikanda, watu watakuuliza habari ya mikanda chini ya video ya maji, na mazungumzo yatatawanyika.

Ya nne iache wazi. Itatoka kwenye komenti za hizo tatu, na mara nyingi huwa ni mtu mwenye mashaka: "nilinunua linalofanana na hili, mkanda ukakatika". Ukiipata, hiyo ni dhahabu. Ya tano iwe ya kumsaidia mtu kuchagua, kwa mfano kati ya saizi mbili, na hiyo peke yake ndiyo unaweza kutaja ofa. Ofa moja kwenye video tano. Ukiitaja kila mara, watu wanajifunza kuondoka sekunde tano kabla ya mwisho, na utaiona hiyo tabia kwenye mchoro wa muda wa kutazama: mstari unakatika mahali palepale kila video.

Lenzi_ya_Pembeni
Naongeza upande wa kurekodi, maana hapa ndipo wengi wanaharibu.

TikTok unagusa komenti, unachagua kujibu, kisha unagusa alama ya kamera. Instagram Reels inayo pia, na YouTube Shorts. Komenti inageuka stika juu ya video yako. Sasa stika ina ukubwa, na upande wa kulia wa skrini una vitufe, chini kuna maelezo. Nafasi salama ni juu kushoto. Basi ukirekodi acha anga juu ya begi, karibu theluthi moja ya fremu. Ukijaza fremu nzima kwa begi, stika itakaa juu ya zipu uliyotaka kuonyesha.

Kosa la pili ni kuisoma komenti kwa sauti. Iko mbele ya macho yao, wameshaisoma. Ukianza na "Kuna mtu ameniuliza hapa, anasema je, begi hili…" umekula sekunde nne za mtu ambaye hakukujua. Mkono uwe tayari unaingiza mashine, na sentensi ya kwanza iwe ndiyo jibu.

Msomakomenti
Kabisa. Nitaandika video ya kwanza yote ili Zawadi aone ninachomaanisha.

Stika: "Inaingia inchi 16?" Sekunde ya 0 mashine inaingia mfukoni na sauti inasema: "Inaingia, ila si kila inchi 16." Hiyo "ila" ndiyo inayomshika mtu. Sekunde ya 3 unaweka futi juu ya skrini, kona hadi kona, kwa sababu inchi 16 ni kipimo cha skrini kwa mshazari, hakikuambii mwili wa mashine ni mpana kiasi gani. Kisha unapima mwili: tuseme ni sentimita 36 kwa 25. Unapima mfuko wa ndani: tuseme 38 kwa 27. Mtu anaiona nafasi iliyobaki kwa macho. Sekunde ya 14 unaleta mashine ya michezo ya kompyuta, ile nene, inakwama mdomoni mwa mfuko. Unaiacha ikwame, usikate. "Hii haiingii mfukoni, inakaa kwenye sehemu kubwa." Sekunde ya 20 unafunga zipu, unalinyanyua begi kwa mkanda mmoja, na video inaisha begi likiwa linaning'inia. Hujasema chochote kuhusu mikanda, lakini uzito wote wameuona uko hapo.

Zawadi_K
Nimeelewa, kumbe tangazo lenyewe ni ule mkwamo.

Msomakomenti
Ni ule mkwamo pamoja na futi. Mtu mwenye mashine nene akijua mapema, hatarudisha begi. Mwenye mashine nyembamba anakuamini kwa kuwa amekuona ukikubali penye kasoro.

Onyo moja: usimnyime mtu jibu ili aje video inayofuata. "Mikanda nitawaonyesha kesho" ni kuwafungia watu mlango. Mfumo hauwapelekei watu video zako kwa mpangilio. Wengi watakutana na ya tatu bila kuijua ya kwanza. Kwa hiyo kila video ijitegemee, isiwe na "kama mlivyoona juzi", isiwe na "sehemu ya 2". Mnyororo uko kwenye maswali yenyewe, namba hazihitajiki.

Mwl_Kozi
Mimi nafundisha uhariri wa picha mtandaoni. Hakuna cha kupima kwa futi wala kumwagia maji. Maswali yangu ni "itanichukua muda gani?" na "simu inatosha?" Njia hii inanihusu?

Msomakomenti
La simu linakuhusu moja kwa moja: fungua picha kwenye simu, ihariri mbele yao, kisha waonyeshe hatua moja ambayo simu inashindwa. La muda ni gumu kidogo, kwa sababu jibu la kweli ni "inategemea", na "inategemea" haitazamiki. Ligeuze liwe dogo. Chukua somo la kwanza la kozi, weka saa pembeni, onyesha zoezi lake linakula muda gani. Usiahidi muda wa kozi nzima.

Lenzi_ya_Pembeni
Kwenye maji, Zawadi, kuwa makini na neno. Kitambaa kilichopakwa kinastahimili mvua, lakini zipu na mishono ndiyo milango ya maji. Ukisema "linazuia maji" halafu mtu akalitumbukiza kwenye beseni, atakurudia kwenye komenti akiwa na video yake mwenyewe.

Fanya hivi: jaza karatasi laini za kufutia, zile zinazobadilika rangi zikigusa tone moja. Funga begi, liweke chini ya bomba la kuogea dakika 10, saa ionekane kwenye fremu. Kulifungua kuwe ndani ya klipu moja bila kukata, tangu mkono unagusa zipu hadi karatasi zinatoka. Ukikata hapo tu, komenti zote zitakuwa "umebadilisha karatasi". Zile dakika 10 unaweza kuziharakisha, lakini siyo kule kufungua.

Bingwa_wa_Reli
Na kama karatasi zimelowa?

Lenzi_ya_Pembeni
Basi ndiyo video. "Dakika 10 za mvua kubwa, kona ya zipu imelowa hapa." Onyesha kona ilipo, onyesha mashine inakaa upande gani. Kama mashine inakaa mbali na kona hiyo, sema. Kama inakaa palepale, hilo ni tatizo la begi na video haitalitibu.

Zawadi_K
Swali la ratiba. Nirekodi moja, nisubiri, nirekodi nyingine?

Msomakomenti
Ushahidi urekodi siku moja: kupima, kuning'iniza, maji. Mwanga ni uleule, meza ileile, begi lileile. Unachobakiza ni ile sentensi ya kwanza na stika, kwa sababu hujui komenti itaandikwaje. Mtu anaweza kuuliza "mikanda inahimili kilo ngapi?", mwingine "si itakatika baada ya mwezi?" Ushahidi mmoja, majibu mawili tofauti. La kwanza linajibiwa kwa mizani ya mizigo, unaning'iniza kilo 12 na namba inaonekana. La pili halijibiwi na mizani hata kidogo, maana mizani inapima leo. Hapo unaleta kamera karibu na mshono unaoshika mkanda, unaonyesha uzi ulivyopigwa msalaba ndani ya mraba, na unasema unachokijua tu. Kama hujalitumia mwezi, usiseme mwezi.

Ya kwanza itoke ndani ya siku moja au mbili, wakati video mama bado inapokea komenti. Zinazofuata zisitoke kwa kalenda. Subiri swali linalofuata litokee chini ya video uliyoweka, ulichukue hilo, siyo la wiki iliyopita. Mtu aliyeuliza jana anaarifiwa, anarudi, na mara nyingi anaandika tena. Kisha rudi video mama, ile komenti uliyoijibu ibandike juu badala ya maelezo ya bei ikiwa bei umeshaiweka kwenye maelezo ya video. Jibu lako la video linakaa chini ya komenti hiyo, kwa hiyo anayesoma komenti anaingia kwenye mnyororo kupitia hapo.

Kwa Shorts, linki ya kwenye maelezo au komenti haibonyezeki tangu mwishoni mwa Agosti 2023, usipoteze muda nayo. Tumia sehemu ya Related video, uunganishe jibu na video inayofuata kwa mantiki.

Bingwa_wa_Reli
Na lile swali la mikanda lisipoulizwa? Mwambie rafiki aulize. Kila mtu anafanya.

Msomakomenti
Sitamshauri hivyo. Achilia mbali uadilifu, inaonekana. Akaunti isiyo na picha, inauliza kwa maneno ya mtangazaji, "Je, mikanda ya begi hili bora ni imara?" Hakuna mnunuzi anayeandika hivyo. Mnunuzi anaandika "mikanda vp".

Mwl_Kozi
Marekani FTC, tume ya serikali inayosimamia biashara na kulinda wanunuzi, ina kanuni dhidi ya mapitio bandia, ilianza kutumika Oktoba 2024. Si hiyo inakataza?

Msomakomenti
Hiyo inalenga mapitio na ushuhuda bandia. Rafiki anayejifanya amenunua na kusifia anaingia humo. Anayeuliza swali tupu, sitasema anaingia au haingii. Lakini huhitaji kufika huko: swali lisipoulizwa, weka video bila stika, anza na "Kilo 12 kwa mkanda mmoja." Hakuna aliyesema kila pete ya mnyororo lazima iwe na komenti juu yake.

Ila jambo la kutangaza kwamba ni tangazo lina msimamo. Ukiuza begi lako mwenyewe kupitia TikTok, washa swichi ya kutangaza maudhui ya biashara, uchague Your brand, lebo itatokea Promotional content. Ukilipwa na mwenye begi, ni Branded content, na lebo inakuwa Paid partnership. Ni kwa kila video, siyo ile ya ofa tu. Kuuza kwa upole hakuondoi hilo.

Lenzi_ya_Pembeni
Na muziki. Akaunti ya biashara ina maktaba yake ya sauti. Ukirekodi ushahidi ukiwa na wimbo unaovuma nyuma, sauti inaweza kuondolewa na maelezo yako yakaondoka nayo. Rekodi na sauti ya chumba tu. Zipu ikifungwa inasikika vizuri kuliko wimbo.

Zawadi_K
Nitajuaje ni video ipi imeuza? Nimeona watu wanaweka linki yenye alama mwishoni, kwa kila video.

Bingwa_wa_Reli
Ndiyo, weka hivi:

```
?utm_source=tiktok&utm_campaign=begi&utm_content=jibu3
```

Kila video na namba yake, unasoma matokeo kwenye takwimu za tovuti.

Msomakomenti
Ingefanya kazi kama kila video ingekuwa na linki yake. Wasifu wako una linki moja, na wote wanapita hapo, aliyetoka jibu la kwanza na aliyetoka la tatu. `jibu3` ukiiweka kwenye wasifu itahesabu kila mtu kuwa ametoka ya tatu. Kwenye wasifu acha alama inayotaja mtandao tu. Kujua video, muulize mteja wakati wa kuagiza, "ulitaka kuhakikisha nini kabla ya kununua?" Atakuambia maji au mikanda. Ni jibu la kienyeji, lakini linakwambia zaidi ya idadi ya kubonyeza.

Kuna ishara nyingine ya bure. Angalia komenti chini ya video ya jibu. Kama chini ya video ya inchi 16 watu wanauliza "inaingia inchi 16?", jibu halikusikika: ama limechelewa, ama maandishi ya skrini yamefunikwa na vitufe, ama futi haisomeki. Rekodi upya ile sehemu ya mwanzo. Kama wanauliza mikanda, mnyororo unatembea. Na kama hawaulizi kitu, wanasifia tu, tazama walioingia kwenye wasifu. Sifa nyingi na wasifu mtupu maana yake umewafurahisha watu wasiohitaji begi.

Usishtuke pia majibu yakipata watazamaji wachache kuliko video mama. Hiyo ndiyo kawaida, video ya kipimo cha mfuko haina kazi na mtu asiye na mashine.

Mwl_Kozi
Kulipia jibu lisambae kama tangazo, likiwa na stika ya komenti juu yake? Jina la aliyeuliza linakuwa kwenye tangazo langu.

Msomakomenti
Hapo mimi huona bora kumwomba ruhusa kwa ujumbe, au kurekodi upya bila stika. Sijui wengine mnafanyaje.

Lenzi_ya_Pembeni
Bila stika linapoteza nusu ya nguvu, linakuwa tangazo kama mengine. Mimi ningeomba ruhusa, nikikosa ningechukua swali lilelile kutoka kwa mwingine aliyekubali. Zawadi ana watu 19 wa inchi 16, hatakosa mmoja.

Bingwa_wa_Reli
Komenti imeandikwa hadharani. Ruhusa ya nini?

Mwl_Kozi
Kuandika hadharani na kubandikwa kwenye tangazo la kulipia ni vitu viwili, kaka.

Zawadi_K
Nimepanga: kesho narekodi kupima, kuning'iniza na maji, yote meza moja. Nimetafuta mashine nene ya kukwama, nimeipata. Kikwazo kimoja: nilipojaribu bomba leo, karatasi za kona ya juu kushoto zimelowa, na mfuko wa mashine uko nyuma, siyo juu. Nimepima, kutoka kona hadi mfuko ni kama sentimita 9.

Lenzi_ya_Pembeni
Weka futi hapo pia. Ziache hizo karatasi zilizolowa mezani hadi mwisho wa klipu.